Kuzuia Sonona Isirudi: Wiki Nane za Uzingativu kwa Aliyeugua Mara Tatu au Zaidi

Mwongozo huu nimemwandikia mtu aliyewahi kuugua sonona, au depresheni kama wengi tunavyoiita hapa Mombasa, mara tatu au zaidi, na ambaye sasa hivi ana nafuu. Nasema mara tatu kwa makusudi. Tiba ninayoieleza ni ya uzingativu, yaani kujifunza kuutazama mwili, hisia na mawazo yanavyokuja sasa hivi bila kuyahukumu. Wataalamu huiita kwa herufi MBCT, na ilibuniwa miaka ya 1990 na wanasaikolojia watatu: Zindel Segal wa Toronto, pamoja na Mark Williams na John Teasdale wa Uingereza. Jaribio lao la kwanza lilichapishwa mwaka 2000. Kwa waliougua mara tatu au zaidi na kufuata mafunzo haya, sonona iliwarudia watu 37 katika kila 100 ndani ya wiki 60, ilhali kwa wenzao waliobaki na matibabu ya kawaida tu iliwarudia 66. Waliougua mara mbili pekee hawakuonyesha faida yoyote.

Tofauti hiyo inaeleza ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi. Mara ya kwanza mtu huangushwa na jambo zito, kama msiba, talaka au kufukuzwa kazi. Katika kipindi hicho huzuni, uchovu na mawazo ya kujidharau hukaa pamoja kwa miezi, hadi yakazoeana. Kila sonona inaporudi, yanazoeana zaidi, kama njia ya mkato uwanjani inayozidi kukanyagwa hadi majani hayaoti tena. Mtu akifika mara ya tatu au ya nne, hahitaji tena msiba. Huzuni ndogo ya Jumapili jioni inatosha kuyaamsha yale mawazo ya zamani. Naye, kwa nia njema kabisa, anaanza kujiuliza: mbona niko hivi, nina kasoro gani, wenzangu wanawezaje? Anadhani anatafuta suluhisho, kumbe kule kuyazungusha mawazo ndiko kunakoirefusha huzuni. Hapo ndipo tiba hii inapoingilia. Haizuii huzuni isije. Inamfundisha mtu kuitambua mapema na kuacha kuyafuata mawazo yake.

Nitatumia mfano wa mtu mmoja, niliyemsuka kutokana na watu kadhaa ili asitambulike. Ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ana miaka 41, anaishi Likoni na ofisi yake iko kisiwani. Aliugua mara ya kwanza babake alipofariki, mara ya pili alipoachishwa kazi. Mara ya tatu hakuwa na sababu ya kutaja. Kulikuwa na kontena lililocheleweshewa hati, mvua za masika, na wiki moja ya kulala vibaya.

Kabla ya kuanza: angalia kama wakati ni huu

Ukiwa sasa hivi huli, hulali, na ukisoma ukurasa mmoja hukumbuki ulichosoma, usianze. Mazoezi haya yanataka utulivu wa akili ambao sonona kali huwa imeunyang'anya, na mtu akijaribu akashindwa, anajiongezea ushahidi wa uongo kwamba hafai. Tibiwa kwanza. Vilevile, kama umewahi kupitia siku kadhaa za kutolala huku una nguvu nyingi, unaongea bila kituo na kutumia pesa ovyo, mweleze daktari hilo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu huenda ugonjwa wako si sonona ya kawaida na matibabu yake ni mengine. Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Anzia huko ikiwa hujawahi kupimwa ipasavyo.

Dawa usiziache. Watu husikia kuhusu tiba isiyo ya vidonge na siku hiyohiyo wanaacha kumeza, kisha kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu na hasira vinawaingia, wakadhani sonona imerudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wa watu 424 nchini Uingereza, ulilinganisha walioendelea na dawa na waliofuata mafunzo haya huku wakipunguziwa dawa taratibu na madaktari wao. Katika miaka miwili sonona iliwarudia 47 katika kila 100 wa kundi la dawa, na 44 wa kundi la mafunzo. Kwa lugha ya mtaani, walitoka sare. Kwa hiyo anayetaka kupunguza dawa ana hoja ya kumpelekea daktari wake, lakini hana ruhusa ya kujipunguzia mwenyewe.

Na kama mawazo ya kutaka kufa yapo, yaseme leo. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi. Wajue kwamba mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume cha Katiba.

Panga muda na mahali

Kozi yenyewe ni wiki nane. Kila wiki kuna kikao kimoja cha kikundi cha saa mbili hivi, na nyumbani unafanya mazoezi ya takriban dakika 40 kwa siku, siku sita za wiki. Kikundi kina faida ambayo kitabu hakina: unamsikia mwenzako akitamka neno kwa neno lile wazo uliloliamini kuwa siri yako. Ukitafuta mwalimu, muulize swali moja tu kabla ya kuuliza bei: wewe mwenyewe hufanya mazoezi haya kila siku? Akibabaika, tafuta mwingine. Usipopata kikundi, mshauri nasaha mmoja anayekuona kila wiki anafaa kuliko kujifungia na rekodi za simu.

Dakika 40 katika nyumba ya watu saba hazipatikani kwa kubahatisha. Karani wetu alichagua baada ya swala ya Alfajiri, kabla watoto hawajaamka, akamwambia mkewe wazi: "Mama watoto, ukiniona nimelala chini pale ukumbini usinishtue, ni mazoezi ya daktari." Alitandika mkeka sakafuni. Kitanda hakifai, kitakulaza. Ikiwa Ramadhani imekaribia, ni heri usubiri Idi ipite, maana usingizi unagawanyika na wiki mbili za mwanzo ndizo zinazotaka utaratibu zaidi.

Wako wanaouliza kama hili ni ibada ya watu wengine. Mazoezi yana asili katika mapokeo ya Kibuddha, hilo si siri, lakini kozi ya hospitali haina maneno ya kusomwa, haina sanamu, na haichukui nafasi ya swala wala sala. Unachofuatilia ni pumzi yako na nyayo zako.

Wiki ya 1 na ya 2: rudi mwilini

Kikao cha kwanza huanza kwa kula zabibu kavu moja. Huku kwetu tende inafaa zaidi. Ishike, itazame mikunjo yake kama hujawahi kuona tende, inuse, iweke ulimini bila kutafuna, subiri, kisha uume mara moja na usikilize utamu unavyoenea. Inachukua dakika kadhaa. Wengi hucheka, kisha hushangaa kwamba wamekula tende maelfu na hii ndiyo ya kwanza waliyoionja. Shabaha ni kuona ni kwa kiasi gani tunaishi mikono ikifanya hili na akili ikiwa kule. Katika hali hiyo ya kujiendea tu ndipo huzuni huingia bila kupigiwa hodi.

Zoezi la kila siku la wiki hizi ni kuupitia mwili. Lala chali, anza na vidole vya mguu wa kushoto, hisi kilichopo, iwe joto, mkwaruzo wa mkeka au ganzi. Panda unyayo, kifundo, muundi, goti, hadi utosini. Mahali usipohisi kitu, tambua kwamba huhisi kitu, endelea. Akili itakimbia. Itakwenda kwa karo ya shule na ujumbe ambao hujaujibu. Kila inapokimbia, tambua ilikokwenda, irudishe palepale ulipofika. Kule kurudisha ndiko mazoezi yenyewe. Anayerudisha mara hamsini amefanya mazoezi hamsini.

Malalamiko mawili husikika zaidi. La kwanza: "Nalala." Fungua macho, au fanya ukiwa umekaa. La pili: "Sipati utulivu." Hukuahidiwa utulivu, na ukiutafuta utakasirika. Lakini lipo la tatu lisilosemwa kwa sauti. Mtu aliyewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu anaweza kuanza kukumbuka mambo hayo mara tu anapoelekeza fikra kifuani au nyongani. Ukiona moyo unakwenda mbio na chumba kinakuwa si chumba, fungua macho, kanyaga sakafu, sikiliza sauti za nje, acha zoezi hilo na mweleze mwalimu. Anaweza kukupa nyayo au sauti kuwa mahali pa kutulia badala ya mwili mzima.

Wiki ya 2 kuna zoezi dogo ambalo mimi naliona ni ufunguo wa yote. Fumba macho ufikirie unatembea Barabara ya Digo. Ng'ambo unamwona mtu unayemfahamu. Unatabasamu, unampungia mkono. Anapita moja kwa moja. Andika wazo lililokujia, hisia, na kilichotokea mwilini. Karani aliandika: "Ananikwepa, amesikia niliugua." Aibu. Tumbo kukaza. Aliyekaa kando yake aliandika: "Maskini, labda ana shida." Mwingine: "Hana miwani." Tukio ni lilelile kwa wote. Wazo lililovaa sura ya habari kumbe ni tafsiri, na tafsiri hufuata hali ya moyo uliokuja nayo.

Wiki ya 3: dakika tatu za pumzi

Zoezi hili fupi ndilo utakalobaki nalo miaka yote, kwa hiyo lijifunze vizuri. Lina sehemu tatu, kila moja kama dakika moja.

1. Jiulize: kuna nini ndani yangu sasa hivi? Mawazo gani? Hisia gani? Mwili unasemaje? Vitaje kimyakimya bila kurekebisha: "kuna wazo kwamba nitafukuzwa, kuna woga, mabega yamepanda."
2. Kusanya fikra zote kwenye pumzi, chini tumboni. Tumbo likiinuka, fuata, likishuka, fuata.
3. Panua: toka kwenye pumzi uingie mwili mzima, mkao, uso, mikono. Palipokaza, acha pumzi ifike hapo, upaachie nafasi.

Kwa wiki hii lifanye mara tatu kwa siku katika nyakati ulizopanga, uwe na huzuni usiwe nayo. Karani alichagua feri ya asubuhi, saa saba mchana kabla ya chakula, na feri ya kurudi. Kwenye feri hufumbi macho wala huketi kama mtawa. Unasimama, mkoba umeubana mbele, macho yako majini, na unahisi sitaha inavyotikisika chini ya nyayo. Hakuna anayejua unachofanya. Mara ya kwanza alijaribu wakati watu wanashuka, akasukumwa na mkokoteni. Baadaye akawa anaanza feri inapong'oa tu.

Kuanzia wiki ya 4 ongeza: lifanye pia kila unapohisi kitu kinakubana. Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Wanalitumia kama panadoli, huzuni imeingia, haraka dakika tatu, mbona haijatoka? Dalili ya kosa hili ni kwamba mwishoni unajikagua kama umepata nafuu, na usipoipata unarudia mara moja. Ukijiona hivyo, rudi kwenye sehemu ya kwanza ukataje jambo jipya lililopo: "kuna kutaka hii iondoke." Hilo nalo ni sehemu ya hali ya hewa ya ndani.

Wiki ya 4 hadi ya 6: kukaa na lisilopendeza

Sasa mazoezi marefu ni ya kuketi: pumzi, kisha mwili, sauti, mwishowe mawazo yenyewe yanavyokuja na kupita. Wiki ya 5 unaliita kwa hiari jambo dogo linalokusumbua, kisha unaliacha hapo na kutazama linagusa wapi mwilini. Chagua dogo kweli, kama mzozo na jirani kuhusu maji. Mauti ya mzazi yaache kwanza.

Wiki ya 4 huwa na karatasi ambayo huwagusa watu kuliko mahubiri yoyote. Ina orodha ya mawazo ya sonona: sifai kitu, nimewaangusha watu, hakuna kitakachobadilika, nashindwa kuanza. Mwalimu anauliza: ulipokuwa mgonjwa uliyaamini kwa kiasi gani? Na leo? Karani aliweka karibu yote kileleni kwa wakati wa ugonjwa, na karibu yote chini kwa leo. Kisha akatazama karatasi za wenzake, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa mahamri wa Kongowea, kijana wa boda. Orodha ni moja. Kama mawazo hayo yangekuwa ukweli kuhusu maisha yake, yasingefanana neno kwa neno na ya mama wa mahamri. Ni dalili za ugonjwa, sawa na homa ilivyo dalili ya malaria.

Kwa hiyo wiki ya 6 hubishani na wazo. Unalibadilishia utangulizi. Badala ya "mimi ni mzigo kwa mke wangu", unasema ndani kwa ndani "kuna wazo kwamba mimi ni mzigo", na unaongeza: "hili nalijua, hili ni lile la saa kumi usiku." Kati ya wiki ya 6 na ya 7 vikundi vingi huwa na siku moja ya kimya ya mazoezi mfululizo. Isipowezekana, nusu siku itatosha.

Wiki ya 7: alama zako na mpango wako

Kaa na mtu anayekufahamu, kwa karani alikuwa dadake, mwandike dalili za mwanzo kabisa, wiki mbili kabla ya kuanguka. Maneno ya jumla kama "huzuni" na "mawazo mengi" hayatasaidia, maana hayana siku wala saa. Tafuta kinachoonekana. Ya karani ilikuwa hivi: kuamka saa kumi usiku, siku tatu mfululizo, akili tayari iko ofisini. Kutomjibu dadake kwenye simu, kisha kumwandikia "nitakupigia" bila kupiga. Kuacha kupita kwenye baraza ya kahawa baada ya Isha akisingizia kichwa. Hati za mteja mmoja kukaa kwenye droo kwa sababu anaogopa kuzifungua. Dadake aliongeza moja ambayo yeye hakuijua: "Kaka, ukianza huwa hunyoi ndevu, na unakuwa mpole kupita kiasi."

Kisha andika shughuli zako za siku ya kawaida, moja moja, na kando ya kila moja uandike: inanijenga au inanimaliza. Utaona kwamba sonona inapoanza, zile zinazojenga ndizo zinazokatwa kwanza kwa sababu zinaonekana si za lazima. Kahawa ya barazani inaonekana anasa, kazi ya ziada inaonekana wajibu.

Mwisho, andika mpango mkiwa wazima, kwenye karatasi moja. Wa karani ulisema: alama mbili zikitokea pamoja, kwanza dakika tatu za pumzi. Pili, rekodi ya kuupitia mwili, hata kama naona haina maana. Tatu, kila siku jambo moja la raha na moja la kunionyesha kwamba naweza: barazani kikombe kimoja, na kufungua faili moja kwa dakika tano, si kumaliza. Nne, zikifika alama tatu au wiki ikipita, dada anapiga simu kliniki, hata nikikataa.

Jambo la tatu linahitaji neno. Mtu asiye mgonjwa husubiri hamu ndipo afanye. Sonona inapoingia, hamu huja baada ya kufanya, na mara nyingine huchelewa siku kadhaa. Kwa hiyo unakwenda barazani bila hamu, unakaa robo saa, unarudi, na hujiulizi kama imesaidia hadi wiki iishe.

Na dada apewe maswali ya kuuliza. Huku Pwani ukimwuliza mtu "hujambo?" atajibu "sijambo" hata akiwa kaburini nusu. "Salama" haimwambii dada chochote. Walikubaliana amwulize: "Jana umeamka saa ngapi? Umepita barazani?" Maswali hayo yana majibu yasiyofichika.

Wiki ya 8 na baada yake

Chagua zoezi moja utakaloweza kulifanya mwezi ujao, hata likiwa la dakika kumi. Dakika 40 za kila siku huwashinda wengi baada ya kikundi kuvunjika, na ahadi kubwa ikivunjika huvunja na ndogo. Dakika tatu za feri usiziache. Karatasi ya mpango weka nakala mbili, moja kwako na moja kwa mtu wako, na panga tarehe ya kuipitia baada ya miezi mitatu, kwa sababu alama hubadilika. Karani alipoipitia na dadake, alama ya kahawa walikuta haifai tena, kwani baraza lenyewe lilikuwa limehama. Wakaifuta, wakaandika mahali pake: kutokwenda mechi ya Ijumaa ya mtoto.